Antena Yao Kwenye Mlingoti Wetu

Siku Mzee aliponiambia kwamba tunawakaribisha wapinzani wetu kwenye mlingoti wetu, nilikuwa nimeshika bisibisi, na nikairusha ukutani. Ikaacha shimo kwenye plasta.

"Umemaliza?" Mzee akauliza.

"Sijamaliza."

"Basi okota ile ingine urushe."

Ndivyo alikuwa. Alikuwa fundi wa redio wa serikali zamani, akastaafu, akachukua pesa zake za kustaafu akaanzisha kampuni ndogo hapa Kakamega mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la kuuza mbolea. Tulikuwa tunauza mawasiliano ya redio. Hii ni miaka ya tisini mwishoni, kabla simu za mkononi hazijafika kwetu. Simu ya waya ungeomba leo ukazeeka ukingoja. Kwa hivyo mtu mwenye malori, mwenye matrekta ya miwa, mwenye askari wa kulinda, alikuwa anakuja kwetu tunamfungia redio kwenye gari, na nyingine ofisini kwake, anabonyeza anaongea.

Mimi sikusomea hii kazi. Shule niliacha kidato cha pili. Nilijifunza kwa kufungua redio za majirani, zingine zikafa mikononi mwangu, na kwa kitabu kimoja cha ufundi ambacho nusu ya kurasa ilikuwa imeliwa na mchwa. Mzee alinikuta sokoni nikiunga nyaya za redio ya kaseti kwa msumari niliouchoma kwenye jiko, akaniambia njoo. Kwa hivyo ukimgusa Mzee umenigusa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na mdomo wa watu kumi.

Sasa, mlingoti. Redio ya trekta haina nguvu ya kufika mbali. Ikiingia bondeni kwenye miwa inapotea. Ndio maana unaweka mtambo juu ya kilima, tunauita ripita. Ripita inasikia ile sauti dhaifu kwenye masafa moja, na papo hapo inairusha tena kwa nguvu kwenye masafa ingine, inafika kila mahali. Kilima chetu kilikuwa upande wa Shinyalu. Mlingoti ulikuwa wa vyuma vyembamba, pembe tatu, umeshikiliwa na nyaya kutoka pande tatu ili usianguke. Tuliusimamisha sisi wenyewe. Kila bolti naijua.

Wapinzani walikuwa na ofisi ya vioo karibu na stendi, gari mbili mpya, na wafanyakazi wenye shati moja rangi ya samawati. Walitoka Nairobi. Walikuwa wanatuchukulia wateja mmoja mmoja. Na hao ndio Mzee alitaka kuwapandisha kilimani kwetu.

"Kaa chini nikuambie," akasema. "Mlinzi wa pale juu, tunamlipa tukiwa na antena moja. Tukiwa na mbili, mlinzi ataomba mara mbili?"

"Hapana."

"Mwenye shamba, tunalipa kodi ya ardhi. Antena ya pili inakula ardhi?"

"Mzee, lakini..."

"Nguzo za stima tulizopandisha kutoka barabarani, tulilipa zote. Barabara tunachimba mitaro kila msimu. Mlingoti tunaupaka rangi. Hizo gharama zote ziko pale hata kama siku nzima hakuna mtu amesema 'haro' kwa redio. Wateja wamepungua, gharama hazijapungua. Mwezi wa nane mwenye shamba anataka kodi ya mwaka, na sina. Nikikosa, anaufunga mlango na kilima kinakwenda. Umeelewa? Si antena. Kilima."

Nilielewa. Lakini kuelewa na kukubali si kitu kimoja.

"Na wao wanapata nini?" nikauliza. "Si wana pesa? Wajenge yao."

"Wakijenga yao ni nguzo zingine, barabara ingine, mlinzi mwingine, na kilima kizuri kama hiki hakuna kingine karibu. Kulipa kodi kwangu ni rahisi kwao kuliko kujenga. Na mimi kodi yao inanilipia nusu ya kilima. Kila mtu amepunguziwa mzigo."

"Na siku watatumaliza wakiwa juu ya mlingoti wetu?"

Mzee akaangalia lile shimo ukutani. "Hiyo siku watakuwa bado wananilipa."

Walikuja wakiwa na fundi wao, dada mmoja aliyesoma chuo cha ufundi cha Sigalagala, mrefu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilimchukia kwa sababu ya zile kalamu. Alitaka nafasi ya juu kabisa, Mzee akakataa: ya juu ni yetu, yeye atafunga chini yetu mita sita. Si kiburi. Antena mbili zikikaribiana sana, moja inapiga kelele kwenye sikio la mwenzake. Ukiziweka moja juu moja chini zinasumbuana kidogo zaidi. Akataka pia kufunga sahani kubwa ya kuunganisha na ofisi yao. Hapo Mzee akatikisa kichwa kabisa.

"Huu mlingoti ni mwembamba, mama," akamwambia. "Antena ya fito upepo unapita. Sahani inashika upepo kama mwavuli. Ukija ule wa mwezi wa nne, nyaya zitakatika, utaanguka na yako na yangu."

"Sawa, Mzee," dada akasema, akaandika. Hakubishana. Hiyo pia iliniudhi.

Wiki ya kwanza, hakuna shida. Walikuwa bado wanajaribu mitambo, mara wanawasha mara wanazima. Wiki ya pili wakaanza kazi kamili, na masikio yetu yakaziba.

Ilikuwa hivi. Dereva wa trekta yuko shambani, anaita: "Ofisi, ofisi, miwa imejaa." Ofisi inasikia kama maji yanayochemka kwenye sufuria. Grrrr-shhh. Sauti inakatika, inarudi, inakatika. Mteja wetu mkubwa aliyebaki alikuwa meneja wa kusafirisha miwa, matrekta ishirini na kitu. Miwa ikishakatwa haingojei. Ikikaa inakauka, inapoteza uzito, na mkulima analia. Meneja akaja ofisini akamuuliza Mzee, "Redio zenu zimelewa?"

Nikapanda kilima nikakaa huko siku tatu, nikiwa na redio na daftari. Na niligundua kitu. Kelele inaanza asubuhi, inaendelea mpaka mchana. Lakini saa tisa, mvua ikishanyesha, kama inavyonyeshanga kila siku huku kwetu, kelele inakwisha. Safi kabisa. Kesho yake asubuhi jua likiwaka, inarudi.

Siku tatu, hivyo hivyo. Nikajua. Kuna jamaa wao anatufanyia makusudi! Asubuhi wakati miwa inasafiri anatuharibia, jioni kazi ikiisha anaacha. Nilikuwa na ushahidi kwenye daftari, saa na dakika.

Nikashuka kilima mbio, na sikwenda kwa Mzee. Hapo ndipo nilipokosea. Nilijua Mzee ataniambia kaa chini. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja wa miwa, uwanjani kwake, matope mpaka magotini.

"Meneja, ni wale watu wa shati za samawati. Wanatuharibia makusudi. Tumewapa nafasi kwenye mlingoti wetu, sasa wanatuziba. Lakini usijali, tutawatoa wiki hii."

Meneja alikuwa mtu wa kuchezea funguo. Akazizungusha kwa kidole.

"Wako kwenye mlingoti wenu?"

"Eeh. Wanalipa kodi kwetu."

"Na redio zao zinasikika?"

"Zao? Zinasikika. Ni zetu wanaharibu."

"Kwa hivyo kilima ni kile kile, zao zinafanya, zenu hazifanyi." Akaweka funguo mfukoni. "Asante kwa kuniambia, kijana."

Mimi nikaondoka nikifikiri nimemsaidia Mzee.

Mzee alipopata habari ya daftari langu, hakulisoma. Alimwita yule dada waende kilimani pamoja, mimi nikiwa nyuma. Ilikuwa asubuhi, jua kali, kelele imejaa kwenye spika.

"Mnasikia?" nikasema. "Zima yenu, madam. Zima uone."

Akazima. Kelele ikakata. Nikapiga makofi. "Si nilisema! Mzee, si nilisema!"

"Haya," dada akasema, hata hakuniangalia. "Sasa mimi nawasha yangu. Wewe acha mtambo wako wa kusikia ukiwaka, lakini zima wa kurusha."

Nikazima. Kimya. Yao ilikuwa inarusha kwa nguvu zote, na sikio letu lilikuwa safi.

"Sasa ni nani anaharibu?" akauliza. "Yangu peke yake, hakuna kelele. Yako peke yake, hakuna kelele. Zote mbili pamoja, kelele."

Akachukua kalamu moja, akaandika nyuma ya mkono wake. Sisi tunarusha kwenye mia moja hamsini na nne. Wao mia moja hamsini na tisa. Sisi tunasikiliza kwenye mia moja arobaini na tisa.

"Chukua yako mara mbili," akaniambia.

"Mia tatu na nane."

"Toa yangu."

Nikahesabu kwa vidole. Mia moja arobaini na tisa.

Kile kitabu changu, ukurasa huo lazima ulikuwa upande wa mchwa.

"Masafa mawili yakikutana mahali pabaya yanazaa la tatu," Mzee akasema polepole. "Na hilo la tatu limezaliwa ndani ya sikio letu. Nilifaa kupiga hii hesabu kabla sijatia sahihi. Nimezeeka."

"Hata sisi hatukupiga," dada akasema. "Tuliangalia tu kwamba hayafanani. Lakini Mzee, hayo masafa hayazaani hivi hivi hewani. Lazima kuwe na mahali pa kuchanganyikia."

Kwanza akashuku mitambo yenyewe. Mtambo mmoja ukirusha, nguvu yake inaweza kuingia kwa mwenzake kupitia antena na kuchanganyika humo ndani. Siku iliyofuata akaleta vichujio, mapipa madogo ya shaba kama makopo ya maziwa, tukafunga kimoja kwetu kimoja kwao. Kelele ikapungua kidogo, haikuisha.

"Basi ni mlingoti," akasema.

"Mlingoti wetu hauna kitu!" nikasema. "Kabla hamjakuja ulikuwa kimya miaka miwili."

"Ungekuwa kimya tu. Kulikuwa na masafa moja. La kuchanganya nalo lilikuwa halipo." Kisha akaniuliza, "Ulisema mvua ikinyesha inapona?"

"Saa tisa. Mtu wenu anazima."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Dada hakucheka. "Mtu wetu hawezi kuzima, bwana fundi, ufunguo wa hapa ninao mimi. Ni kutu. Chuma kikigusana na chuma chenye kutu, pale katikati panachanganya masafa. Pakilowa maji, panatulia. Pakikauka, panaanza tena."

Akataka mtu wa kupanda. Mpandaji ni mimi. Akapunguza nguvu za mitambo yote miwili, maana si vizuri mtu kukaa karibu na antena inayochoma, akanipa fimbo ya mti.

"Gonga kila kitu kinachoweza kucheza. Mimi nasikiliza."

Nikafunga mkanda nikapanda. Nagonga bolti, anapiga kelele kutoka chini, "Hapana!" Nagonga waya wa kushikilia, "Hapana!" Upepo unavuma, misitu yote iko chini yangu, na mimi moyoni naomba Mungu iwe kitu chao. Bano lao, kebo yao, chochote.

Nikafika katikati, mahali kebo yetu imefungwa kwenye mguu wa mlingoti. Nikagonga.

"Hapo! Rudia!"

Nikarudia. Hata mimi nikasikia spika ikipasuka chini kama mahindi kwenye kikaango.

Nikaangalia. Ulikuwa waya mwembamba wa kufungia ua. Umepigwa mizunguko minne, ncha moja imeachwa ndefu inacheza kwenye chuma, umeliwa na kutu mpaka umekuwa mwekundu kama udongo. Mwaka uliopita mikanda ya kufungia kebo, ile inayotoka Nairobi, ilikuwa imetuishia. Kungoja mingine ni wiki mbili. Nikachukua waya uliobaki tulipozungusha ua, nikafunga kebo mahali saba, na nikamwambia Mzee kazi imekwisha. Nilijisifu hata, kwamba nimemwokolea pesa.

Saba. Nilizihesabu kwa macho, juu na chini.

Hapo juu nilifikiria vitu vingi haraka. Mkataba wetu na wao nilikuwa nimeusoma, kwa sababu nilikuwa natafuta makosa yao. Ulisema mwenye mlingoti atauweka katika hali nzuri. Asipofanya hivyo, mpangaji anaweza kuondoka bila kulipa. Ningeweza kuzikata zote, nitie mfukoni, niseme ni bolti ilikuwa imelegea. Hakuna mtu angejua. Kwa ajili ya Mzee ningedanganya hata kanisani.

Lakini dada alikuwa amesimama chini ameinua uso, na Mzee karibu naye, mkono umeziba jua. Mzee alikuwa ananiangalia mimi, si waya.

Nikakata zote saba. Nikashuka nikazimwaga miguuni pao.

"Ni nani alifunga hivi?" dada akauliza.

"Mimi," nikasema kabla Mzee hajafungua mdomo. "Mzee hakujua. Andika hivyo kwenye ripoti yako. Andika ni mimi, si yeye, na ukiandika ni kampuni, tutagombana hapa hapa."

"Tugombane na nini?" akasema. "Una fimbo, mimi nina kalamu."

Mzee akainama akaokota waya mmoja, ukavunjika kwa vidole vyake. "Mlingoti ni wangu," akamwambia. "Aliyefunga ananifanyia kazi mimi. Andika unavyoona, mama."

Dada akaenda kwenye gari lake akarudi na pakiti ya mikanda. Tukafunga upya, mimi na yeye, tukisaidiana. Akawasha mitambo yote kwa nguvu zote, saa tano mchana, jua linawaka. Spika ikanyamaza kabisa. Kwenye ripoti aliandika: "Vifungo vya kebo vilivyochakaa vimebadilishwa." Hakuandika vya nani. Wakabaki, na kodi yao ikaja kabla ya mwezi wa nane, na mwenye shamba akalipwa. Kilima kikabaki cha Mzee.

Ningemalizia hapo kama si mdomo wangu.

Meneja wa miwa alikuwa ameshahamia kwao. Alikuwa ametia sahihi siku mbili baada ya mimi kwenda uwanjani kwake. Mzee alikwenda kumweleza kwamba tatizo limekwisha. Meneja akamjibu kwa heshima: "Mzee, mimi ninapima kwa masikio. Na kijana wako aliniambia mwenyewe kwamba zao zinasikika."

Mzee aliporudi alikaa kwenye kiti, akavua kofia. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze. Nikaanza kusema, nikasema mengi, nikajilaani, nikamlaani meneja, nikalaani miwa.

"Nyamaza kidogo," akasema. "Matrekta yake ni mengi, na yule dada yuko peke yake. Wanataka mtu wa kumsaidia kubadilisha chaneli kwenye redio zote. Nimewaambia watakulipa."

"Mimi? Niende nitoe chaneli yetu niweke yao?"

"Unazijua zile redio. Wewe ndio ulizifunga."

"Siendi."

"Sawa," akasema. Akachukua chai yake.

Nilienda. Siku mbili chini ya matrekta, matope na mafuta, nikiunganisha kebo kwenye redio moja moja, yeye akibonyeza kompyuta yake ndogo, nikiona namba yetu ikifutika na yao ikiingia. Madereva walinizunguka.

"Wewe si ndio ulisema utawatoa?"

"Sasa amevaa shati lao!"

"Bado la kwake, mwangalieni, limechanika mgongoni!"

Nilijibu wawili watatu, majibu ambayo siwezi kuyaandika. Dada akaniambia, "Wacha, shika kebo vizuri," nikashika.

Trekta ya mwisho ilikuwa ya dereva mmoja mzee ambaye nilimfungia redio yake ya kwanza kabisa. Nilipomaliza, akanitazama kama anayeomba ruhusa.

"Nijaribu?"

"Jaribu."

Akabonyeza. "Ofisi, ofisi, mnanipata?"

"Tunakupata vizuri, mzee. Vizuri sana."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, hakuna wingu. Sauti ilikuwa imetoka bondeni, imepanda mpaka kilimani kwetu, imeingia kwenye fito yao iliyo mita sita chini ya yetu, ikarudi. Nikakunja kebo, nikamwambia dada bado kuna redio moja ya akiba ofisini kwa meneja, twende tuimalize kabla hajatoka.